Tosti ya Mkanda wa Cherehani

Sijawahi kuona glasi zikining'inia hewani namna ile.

Shoga yangu alikuwa akiolewa na fundi wa sola wa hapa Same, nami nikapewa tosti, yale maneno ya heri kabla ya kunyanyua glasi. Mapenzi yao yalianzia kwenye kichekesho kimoja cha runinga walichokuwa wakikifuatilia wote wawili: fundi na mshonaji wanaopendana bila kukiri. Kila kipindi mkanda wa cherehani unakatika, kila kipindi fundi anaitwa. Mwishoni mshonaji anauliza, "Mkanda usingekatika, ungekuja?" Fundi anajibu, "Niliukata mimi."

Kuazima vichekesho kwenye tosti kunataka akili. Mstari uwe mfupi, wazee wasiokijua kipindi wasimuliwe kwanza, na kila tukio liwe na pacha wake kwa maharusi. Pacha nilikuwa naye: fundi wetu alipanda milimani Myamba mara ngapi sijui kutengeneza sola ya baba mkwe, na binti ndiye aliyemletea chai. Nilipanga na bwana harusi kwamba mimi niulize, yeye ajibu, ukumbi unyanyue glasi.

Nikawaamkia wazee shikamoo, nikasimulia, watu wakacheka. Nikamgeukia. "Mkanda usingekatika, ungekuja?"

"Niliukata mimi!" Ukumbi ukalipuka, glasi juu. Laiti angeishia hapo! Kumbe sifa zimemlevya, akaongeza la kwake: "Hata mimi, baba. Ule waya wa sola nilikuwa naulegeza mwenyewe, ili mniite tena."

Vigelegele! Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikaona meza ya wazazi wa bibi harusi. Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Mzee akasimama. Mshereheshaji, akidhani ni baraka, akamkimbizia kipaza sauti.

"Kwa waya huo," mzee akasema, "nilimfukuza mwanangu wa kiume. Nilisema yeye ndiye anayeuchezea. Aliniapia kwa Mungu, nikamwita mwongo."

Glasi zikabaki juu, hakuna aliyekunywa. Kaka wa bibi harusi tulijua ameenda kutafuta maisha. Kwao hawakumwambia mtu zaidi ya hapo, wala huyo fundi. Nilimtazama: uso umempauka. Shoga yangu hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Yuko kule Bendera, kwenye mashamba ya mkonge," mzee akaendelea, sauti ikimkatika. "Arusi ya dada yake, na hayupo. Nani ana gari?"

Bwana harusi akatoa ufunguo wa gari la maharusi, lile lenye maua. "Baba, nisamehe. Nitakupeleka mwenyewe."

Mzee akauchukua, akamkabidhi dereva mmoja miongoni mwa wageni. Nikadhani ndoa imevunjika palepale.

"Wewe kaa hapa," akamwambia bwana harusi, "na mkeo. Na chakula kisigawiwe mpaka nirudi naye."