Tuliposema "Kila Siku"

Nilihamishiwa Tarime kutoka Lindi, muuguzi nisiyejua Kikurya hata cha kuombea maji. Mama mwenye nyumba wangu, mwenye mgahawa, ndiye aliyenifundisha. Siku moja nikamrekodi akinisahihisha huku anasonga ugali, nikaiweka video hiyo YouTube. Watu wakacheka, wakaomba nyingine. Hivyo ndivyo tulivyopata chaneli.

Nikatengeneza video ya utambulisho, ile inayojicheza yenyewe mgeni ambaye hajajiunga anapofungua chaneli. Kichwa nikaandika: "KARIBUNI SANA KWENYE CHANELI YETU!!!" Maelezo: "Video mpya kila siku." Hata mwenyewe nikajipongeza.

Wageni walifika, wakatazama, wakaondoka zao. Kisha mwalimu mmoja aliyepangiwa kufundisha kijiji cha Robanda akaandika maoni: "Mlisema kila siku. Wiki ya pili hii. Mko hai?"

Nilimsomea mama. Akaacha kumenya ndizi.

"Anauliza kama tumekufa?"

"Anatania, mama."

"Hatanii. Wewe mura, kijana mzima, ulimwahidi mtu chakula cha kila siku, na jiko hujawasha." Akaniamuru nimsomee na kichwa cha video. Nikasoma. "Karibuni, halafu? Kwenye ubao wa mgahawa wangu naandika 'karibuni' tupu? Naandika nyama ya kichuri ipo, mtu anajua anachoingilia."

Tukakaa kupanga siku. Jumamosi ana wateja wa sokoni. Katikati ya wiki mimi nina zamu. Jumapili asubuhi yuko kanisani, na kwaya yao haina haraka. Ikabaki Jumapili jioni.

Kichwa kikawa: "Jifunze Kikurya cha sokoni na hospitalini, kila Jumapili jioni." Kwenye maelezo alitaka niongeze habari za mvua, umeme, na kwamba yeye hajawahi kumwambia mtu uongo.

"Mama, mgeni anaona mistari ya mwanzo tu. Mingine mpaka abonyeze."

"Basi tanguliza anachopata na siku ya kukipata. Uongo wangu weka chini."

Kubadilisha maandishi hakukuchukua muda. Tatizo lilikuwa sauti yangu ndani ya video, bado inatamba "kila siku". Nikakata kile kipande kwenye kihariri cha YouTube, na kwa pupa nikakata na salamu ya mama ya mwisho. Alipoiona alinuna mpaka jioni, akanipa ugali bila mboga. Ikabidi turekodi utambulisho upya, yeye akiwa amevaa kitenge cha harusi.

Jumapili ile tuliweka somo la kwanza kwa wakati. Mwalimu wa Robanda akaandika: "Nimejiunga. Nimemsalimia bibi mmoja Mkurya hapa, amecheka hadi akakaa chini."

Mama akafuta mikono kwenye kitenge, akainamia simu. "Muulize alitamkaje."

Nikauliza. Mwalimu akatuma jinsi alivyotamka, na mama naye akakaa chini.