Miaka Miwili ya Mwanamkuu Darasani

Mwanamkuu alianza kazi ya uuguzi serikalini akiwa na miaka arobaini na miwili, wakati wenzake wa umri huo walikuwa wameshazoea zamu za usiku mpaka hawazisikii. Kabla ya hapo alikuwa Kariakoo, akiuza khanga na dada yake Nunu, huku akiwalea wanawe. Alisoma cheti ukubwani, akaajiriwa hospitali moja ya serikali huku Ilala, na wagonjwa wakampenda kwa sababu hakuwa na kelele.

Sasa alikuwa anakaribia hamsini na minane, na magoti yalikuwa yamekataa wodi. Nunu alikuwa amepata fremu nzuri ya duka karibu na Mtaa wa Kongo. Mwanamkuu akaamua: anastaafu kwa hiari, anapata pensheni yake ya kila mwezi, anarudi kwenye khanga. Asubuhi moja akaingia ofisi ya utumishi kutoa taarifa ya miezi sita.

"Shikamoo mama," akasema Badria, ofisa rasilimaliwatu, binti wa umri wa mwanawe wa kwanza.

"Marahaba. Nimekuja kuaga, mwanangu. Miaka kumi na sita inatosha."

Badria akatazama kompyuta, akasogeza kiti, akatazama tena.

"Mama, ukiondoka baada ya hii miezi sita utakuwa na miezi mia moja sitini na nane ya michango. Pensheni ya kila mwezi inataka mia moja themanini. Ukiondoka kabla utapewa fedha za mkupuo mara moja, basi."

"Haiwezekani! Miaka kumi na sita ni miezi mingapi? Piga hesabu."

"Mia moja tisini na mbili. Lakini kuna ile miaka miwili uliyokuwa likizo bila malipo."

"Sikuwa likizo! Nilikuwa chuoni nasoma stashahada. Nimerudi hapahapa, nimewahudumia wagonjwa wenu hawahawa!"

"Najua, mama. Ila ulienda nje ya mpango wa mafunzo wa hospitali, kwa hiyo ruhusa ikatoka bila mshahara. Bila mshahara hakuna makato yako, na mwajiri naye hakuchangia. Ule muda hauhesabiki."

"Mbona muuguzi mwenzangu Severine tulisoma naye darasa moja? Dawati moja!"

"Dada Severine alikuwa kwenye mpango. Mshahara wake uliendelea, na michango ikaendelea. Muda wake unahesabika wote."

Mwaka alioenda chuo, Mwanamkuu aliomba kuingizwa kwenye mpango, akaambiwa nafasi zimejaa, asubiri. Hakutaka kusubiri, umri ulikuwa unakwenda. Aliyempa ruhusa bila malipo alimwambia, "Usijali, ajira yako iko palepale." Na kweli ilikuwa palepale. Hakuna aliyemwambia kwamba ajira kubaki na muda kuhesabiwa ni vitu viwili.

"Sasa nifanye nini?"

"Mwaka mmoja zaidi, mama. Utakuwa bado hujafika sitini."

"Mwaka mmoja! Unasema kirahisi kwa sababu umekaa."

Akatoka bila kuaga, akapanda bajaji hadi Kariakoo. Nunu alikuwa ndani ya fremu, akimsubiri fundi wa rafu.

"Hawanitoi," Mwanamkuu akasema, akaketi juu ya robota la khanga. Akaeleza yote kwa pumzi moja.

"We dada! Ulisoma kwa faida yao, halafu wamekukata?"

"Hawajakata. Hakuna kilichowahi kuwekwa. Hicho ndicho kinachoniudhi, sina hata wa kugombana naye."

Nunu hakuweza kumsubiri mwaka mzima, na hakuficha. Alimchukua jirani yake Tatu washirikiane. Mwanamkuu alisema sawa, na kwa wiki nzima hakupokea simu za dada yake.

Alirudi kazini. Alichoomba ni kuondolewa zamu za usiku. Akapelekwa kliniki ya mama na mtoto, ambako angalau kulikuwa na kiti. Huko ndiko Husna, muuguzi wa miaka ishirini na sita, alipomjia akichekacheka.

"Mama, nimepata chuo! Wamenipa ruhusa bila malipo."

Mwanamkuu akaweka kalamu chini. "Umewauliza kuhusu michango?"

"Michango ya nini?"

"Simama. Twende."

Walikaa kwa Badria mpaka saa ya chakula. Jibu lilikuwa lilelile: mpango wa mwaka huu umejaa, anaweza kuombewa nafasi ya mwakani na aende na mshahara, au aende sasa na muda ule usihesabiwe. Husna akafikiri, akasema ataenda sasa. Alikuwa na miaka zaidi ya thelathini mbele yake ya kuufidia.

"Umesikia lakini?" Mwanamkuu akamuuliza kwenye korido, sauti imempanda. "Usije ukasema hukuambiwa!"

"Nimesikia, mama."

"Haya. Nenda kasome." Akarudi kliniki, ambako foleni ya kina mama ilikuwa imefika mlangoni na kila mmoja alikuwa na la kulalamika.