Siku Nilipomsifu Mjukuu Wangu Akanyimwa Mguu

Hakuna aliyetuambia kwamba mguu wa bandia nao unapitwa na mtoto kama kiatu. Mjukuu wangu aliumwa na nyoka shambani kwenye pamba, akakatwa mguu chini ya goti, na mwaka uliofuata akapewa wa bandia. Ulimkaa vizuri. Basi akaanza kurefuka! Alipofika miaka kumi na mitatu alikuwa anatembea kama mtu aliyekanyaga tuta kwa mguu mmoja na mfereji kwa mwingine. Na shule ya sekondari aliyopangiwa iko ng'ambo ya mbuga, udongo ule mweusi unaong'ang'ania hata ng'ombe. Bila mguu mpya, angebaki nyumbani kuniangalia mimi nikizeeka.

Mama yake ni mwalimu, anafundisha mbali, na mtoto yumo kwenye bima yake. Akaniambia kwa simu, "Mama, mpeleke Bariadi kwa daktari bingwa wa mifupa. Yeye ndiye anaandika kwamba mtoto anahitaji mguu. Fomu inakwenda bima, wakikubali ndipo Mwanza wanapima na kutengeneza."

Nikasema hilo dogo. Nikamwogesha, nikampaka mafuta, nikamvalisha gauni la kanisani.

Daktari alikuwa kijana mpole. "Mwangaluka, mayo," akanisalimia Kisukuma na kuniita mama, nikampenda palepale. Akauliza, "Huyu binti anamudu kazi gani?"

Mimi nikafungua mdomo. Nikamwambia anachota maji. Anapalilia, anapika, anawashinda wenzake wenye miguu miwili. "Mtoto huyu hana shida yoyote, daktari. Darasani wa kwanza!"

Akamgeukia yeye. "Mguu unauma?"

Mtoto akaniangalia mimi kwanza. "Hauumi," akasema.

Daktari akaandika. Kulikuwa na foleni mpaka nje, hata mguu na soksi ya ndani hakumvua.

Majibu yalipokuja, mama yake alinisomea kwenye simu: maombi yamekataliwa, kwa kuwa mgonjwa anamudu shughuli zake za kila siku kwa kifaa alichonacho.

"Mama, ulimwambia nini daktari?"

"Nilimwambia ukweli!"

"Ulimsifu."

"Sasa nimtukane mtoto wangu mbele ya watu?"

Nilikasirika wiki nzima. Nikakasirikia bima, nikamkasirikia daktari, hata kuku niliwafokea. Sisi tumelelewa hivi: ukimpeleka ng'ombe mnadani humtangazii mnunuzi kwamba kwato inauma. Unamwogesha, unamsimamisha upande mzuri. Kumbe hospitali ni mnada wa kichwa chini miguu juu! Anayesifiwa anarudishwa nyumbani.

Jioni moja nilimkuta nyuma ya nyumba anaosha kigutu chake kwa maji ya chumvi. Kilikuwa na kidonda, kimekaa pale kikombe cha mguu wa bandia kinapobana. Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu kabla ya daktari, bibi."

"Na ukasema hauumi?"

"Wewe ulishasema sina shida."

Nikainama, nikamalizia kukiosha mimi.

Tukarudi Bariadi. Safari hii kwa gauni la shamba. Daktari alipouliza, nikavuta pumzi nikayamwaga yote: maji anachota nusu ndoo na nusu anaimwaga njiani, ameanguka mara mbili wiki hii, kiuno kinamuuma, nyumba ya jirani hafiki bila fimbo. Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mayo, mbona mara ile hukusema?"

"Mara ile ulikuwa mgeni. Na wewe mbona hukuvua soksi?"

Akacheka kwa aibu. Akamvua mguu na soksi. Akatazama kidonda, kisha akapima miguu yote miwili kwa utepe, akamtembeza koridoni kwenda na kurudi. Akaandika ripoti mpya ndefu: kidonda, tofauti ya urefu, kuanguka, shule. Maombi yakapelekwa upya. Tukasubiri mpaka nikachoka kuuliza, kisha kibali kikaja.

Kule Mwanza walisubiri kwanza kidonda kikauke ndipo wakapima. Siku ya kuujaribu mguu mpya, fundi akamwambia atembee kati ya vyuma viwili. Akatembea, mabega yakiwa sawa kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nikataka kupiga vigelegele.

"Vipi, binti?" fundi akauliza.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema uko vizuri sana, asante. Nikauma ulimi.

"Unanibana hapa," mtoto akasema, akaonyesha kwa kidole. Hakuniangalia.

Fundi akauchukua mguu, akaenda kuusugua.

Nimemlea mimi huyo.