Fomu Iliyojifuta

Mshonaji alijibana dirishani, mahali pekee chumbani penye mtandao, akiomba kazi ya kiwandani kwa simu yake yenye kioo kidogo. Mara mbili alifika mwisho, akatoka kwenye fomu kusoma namba ya uthibitisho kwenye meseji. Kila aliporudi, fomu ilikuwa imejifuta yote, na bando limeliwa bure.

"Mama, safari hii nimeweka namba yako," alisema, meno ameyauma. "Meseji ikiingia kwenye simu yako ya kitochi, nisomee."

Mama akamsomea. Maombi yakapokelewa. Papo hapo kioo kikauliza: "Umefurahia huduma yetu?"

Damu ikamchemka. Akaandika yote yaliyomjaa rohoni, akabonyeza tuma.

Bando likakata.

Basi akafungua dirisha, akayasema kwa mdomo. Mtaa mzima ukayapokea.