Kodi ya Mgongo

Mama yangu Bernadetta alikuwa fundi cherehani pale Pasiansi, na tangu nimjue hakuwahi kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Sisi Wahaya tunasemwa kwa maringo, na kwa upande wa mama yangu waliosema hawakukosea. Alishona sare za shule na magauni ya komunyo ya kwanza barazani kwake, katika nyumba ya matofali aliyoijenga mwenyewe. Mwaka huo alikuwa ameiezeka upya, bati linang'aa mpaka unaliona ukiwa ziwani. Bati hilo ndilo lililotuletea balaa.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, wakati wa kuwasaka wahujumu uchumi. Watu waliamka usiku kufukia sabuni walizonunua kwa jasho lao, kwa sababu tu zilikuwa nyingi. Katika siku kama hizo, mjane mwenye bati jipya hakosi wa kumsemea. Mama akaitwa na ofisi ya kodi ya mapato mjini, akaeleze alikotoa fedha za ujenzi, maana kila mwaka alikuwa anawatajia mapato ya cherehani peke yake.

Fedha zilitoka kwa mjomba Kamugisha, mdogo wake, daktari huko Ujerumani. Alikuwa akituma kupitia benki miaka yote, na mama hakuwahi kumwambia mtu, sembuse ofisi ya kodi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikajiona najua mambo. Nikamwambia, "Mama, kesho useme ukweli tu, na useme kidogo." Akaniangalia kama mtu aliyefundishwa kupika ugali na mtoto aliyemzaa.

Afisa aliyetupokea aliitwa Kashindye, kijana wa Kisukuma, mpole, shati limepigwa pasi. Alisimama akasema shikamoo mama, mama akaitikia marahaba, na mimi nikaanza kutulia. Nilitulia mapema mno. Mezani alikuwa na karatasi za benki.

"Mama, hizi fedha zinazoingia kwako kutoka nje ni za nini?"

"Ni kodi yangu," mama akasema, kidevu juu.

Kashindye hakupandisha sauti. Alichukua kalamu.

"Kodi. Ndivyo na benki walivyoandika. Kila zinapoingia, maelezo ni hayo hayo: kodi ya Mgongo." Alilitamka hilo Mgongo kama mtu anavyotaja mahali kama Busisi au Kamanga. "Hiyo nyumba ya Mgongo iko wilaya gani?"

Ndipo nilipoona shimo tulilokuwa tumesimama ukingoni mwake. Kijana wa watu alidhani mama ana nyumba ya kupangisha mahali panapoitwa Mgongo, na mpangaji wake yuko Ulaya.

"Mama, kodi ya nyumba ni mapato," akaendelea. "Hata kama anayelipa yuko nje. Ilitakiwa uitaje kila mwaka. Kwa miaka hii yote unadaiwa kodi ya serikali ya nyuma pamoja na adhabu, na ukishindwa kulipa, tunakamata mali."

Mali yenyewe ni ipi? Cherehani. Mama bila cherehani angekuwa ombaomba mwenye bati zuri. Na mwaka ule, kuitwa mwenye nyumba anayeficha kodi halikuwa jambo la kuishia ofisini kwa Kashindye.

"Sina nyumba nyingine," mama akasema. "Mgongo ni huu." Akageuka kwenye kiti, akajipiga mgongoni kwa kiganja. "Mama yetu alikufa akimzaa mdogo wangu huyu anayetuma. Mimi ndiye niliyembeba. Niliacha shule nikambeba, nikapalilia migomba nikiwa naye, nikachuma kahawa nikiwa naye, ada yake ikatoka hapo. Alipokuwa daktari akasema, dada, nilipanga mgongoni kwako bure, sasa nalipa kodi. Ndiyo hiyo."

Kashindye aliweka kalamu chini. Nilimwona anataka kucheka na anajizuia, na nilimchukia na kumpenda kwa wakati mmoja.

"Kwa hiyo ni ndugu anamtumia ndugu."

"Ananilipa."

"Mama," nikasema.

"Ananilipa," akarudia. "Nimefanya kazi."

Hapo Kashindye akavuta kiti karibu, akaongea polepole, kama anayemwongoza mtu kuvuka mto. "Nisikilize vizuri, mama yangu. Sheria inatoza kodi kwenye mapato: mshahara, faida ya biashara, kodi ya nyumba, riba na mengine ya namna hiyo. Ndugu akimsaidia ndugu kwa mapenzi yake tu, hayo si mapato, hata angekuwa Ulaya. Hukutakiwa kuitaja kama mapato. Lakini kama ni malipo ya kazi, tutaanza kuulizana upya. Je, unamshonea nguo akauze huko?"

"Hapana."

"Humtumii chochote?"

"Senene wa kukaanga. Na kahawa ya kutafuna."

"Anavilipia?"

"Senene wa ndugu hawauzwi," mama akasema kwa hasira ya kweli.

"Basi. Fedha zimepita benki, si marki za Ujerumani za kuletwa mkononi. Hilo limekuokoa na kesi nyingine, ya fedha za kigeni. Ungekuja kueleza mapema, hata kwa maneno, nisingekuita." Akachukua karatasi safi. "Naandika maelezo yako, utie sahihi. Mdogo wako atuandikie na yeye kuthibitisha. Naandika hivi: fedha hizi ni zawadi kutoka kwa mdogo wangu, na mimi sikumfanyia kazi yoyote."

Kalamu ikasimama. Alikuwa anamngoja mama akubali.

Mama hakukubali. Alitazama dirishani, ambako ziwa lilikuwa limetulia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetukanwa kwa adabu. Nilimwelewa, na nilitamani nisimwelewe. Miaka yote alijua kitu kimoja tu juu ya maisha yake, kwamba hakupewa, alilipwa. Sasa ili abaki na cherehani ilibidi aseme kwamba hakufanya kitu.

"Mama, ni neno tu," nikanong'ona kwa Kihaya.

"Ndiyo maana linauma," akanijibu.

Saa ya ukutani iligonga, na Kashindye hakumharakisha. Mungu ambariki kwa hilo. Mwishowe mama akavuta pumzi.

"Andika," akasema. "Kama serikali haiwezi kuuona mgongo wangu, basi isiuone."

Akatia sahihi kwa mwandiko wake wa darasa la nne, taratibu, herufi moja moja. Jioni alishona mpaka mafuta ya taa yakaisha.

Mimi, mwalimu, sikukaa kimya. Nikamwandikia mjomba nikamweleza yote, na kwamba tangu sasa kwenye maelezo ya benki aandike zawadi, neno kodi lisije likatuponza tena. Mjomba ni mtu makini. Barua ya uthibitisho ikafika, faili likafungwa. Fedha zilizofuata zikaja kama nilivyoelekeza.

Nilimletea mama karatasi ya benki barazani, nikifurahia akili yangu. Aliisoma, akaisoma tena, akaiweka juu ya kitambaa cha sare aliyokuwa anashona.

"Zawadi," akasema. "Hili nani kamfundisha?"

Akanirudishia karatasi.

"Hizi sizichukui. Mwandikie arudishe mgongo wangu. Yule kijana akiniita tena, nitakwenda."