Mama Chaki Arudia Hesabu

Wanafunzi walimwita Mama Chaki. Kwa miaka tisa alikuwa mwalimu msaidizi: kufundisha alifundisha, lakini kushika darasa peke yake au kutia sahihi ripoti hakuruhusiwa. Chuo alishamaliza, alichokosa ni leseni, na leseni haipatikani bila mtihani ambao kila mhitimu anayetaka kuwa mwalimu kamili lazima aufanye.

Mtihani hufanyika mara mbili kwa mwaka. Mwezi wa sita alifaulu karatasi ya ufundishaji, akaanguka hesabu kwa alama tatu.

"Pole, dada," mwalimu mkuu alimwambia.

"Pole ya nini, Mkuu? Mwezi wa kumi na mbili narudia hesabu tu. Ile nyingine nimeshaimaliza."

Nyumbani alivuta kiti karibu na binti yake wa kidato cha pili. "Haya, mwalimu wangu, nifundishe aljebra."

"Mama, usisinzie lakini!"

Hakusinzia. Januari alipokea leseni, na mwalimu mkuu akamkabidhi rejesta ya darasa la nne. Mama Chaki akaingia, akafunga mlango, akaita jina la kwanza.

"Nipo, Mwalimu!"