Barua ya Ngoma Iliyopasuka

Kikundi chetu cha beni pale Nachingwea kilikuwa na ngoma nne, tarumbeta mbili na vyeo vingi kuliko watu. Mkubwa wetu, ambaye mchana alikuwa nyapara kwenye karakana ya matrekta ya mradi wa karanga, kwetu sisi alikuwa Jenerali. Mimi nilikuwa Karani Mkuu. Karani Mdogo hatukuwa naye.

Jenerali hakupenda tarehe za harusi ziandikwe. Alisema kichwa chake kinatosha. Mkulima mmoja wa Narung'ombe alipokuja kuomba beni kwa harusi ya binti yake, walipatana Jumamosi ya pili baada ya mwezi kuandama. Mzee yule akaleta mbuzi, ili siku yake asipewe mtu mwingine. Mbuzi tukamla. Baadaye mwenye duka mmoja wa pale mjini akataka beni kwa harusi ya mwanawe, Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara. Jenerali akakubali na huyo, tena kwa kupiga saluti.

Mwezi ulipoonekana, tulikuwa tumetoka msikitini. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Jumamosi ya mkulima na Jumamosi ya mwenye duka ilikuwa siku moja.

"Basi mwandikie wa Narung'ombe," Jenerali akasema bila kufikiri. "Mwambie haiwezekani."

"Yeye ndiye wa kwanza, Jenerali. Na mbuzi wake tumemla."

"Wa mjini atachinja ng'ombe."

Nikamwomba angalau tuandike ukweli: tumekosea, tumekubali watu wawili, je, Jumamosi inayofuata itamfaa? Jenerali akanitazama kama nimemvua koti lake la vifungo vya shaba mbele ya watu.

"Jenerali hakosei. Andika ngoma kubwa imepasuka."

Nikaandika. Baada ya salaamu nyingi na dua za kheri, ngoma ikapasuka kwa wino mweusi. Mstari wa mwisho, kwa shingo upande, alinikubalia niandike kwamba tutakuja "siku nyingine." Siku gani, alikataa kusema. Barua ikapanda lori la Ruangwa, na kutoka pale ikapelekwa na mtu wa kwao aliyekuwa akirudi kwa miguu.

Jibu halikuja. Alikuja mzee mwenyewe, na wakwe zake wawili, na ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa vizuri.

Alitukuta uwanjani tukifanya mazoezi. Ngoma kubwa ilikuwa inalia mpaka vumbi linaruka. Mzee akaweka ngozi chini, akangoja tumalize wimbo, akashangilia kwa adabu.

"Nimeleta ngozi," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, Kimwera kikichungulia katikati. "Nimeleta na wa kuiwamba. Iliyopasuka ni ipi?"

Mpiga tarumbeta akainamia viatu vyake. Jenerali akakohoa.

"Tumeshaishona, mzee wangu."

"Ngozi inashonwa?" Akaizunguka ile ngoma, akaipapasa kama anayekagua ng'ombe wa mahari. "Aliyeishona anajua kazi. Hata mshono hauonekani."

Wakwe zake wakacheka. Mimi nilitamani kucheka, nikakumbuka nani aliyeandika.

Ukweli ukatoka, kwa mafungu. Mzee akausikiliza wote, kisha akasema jambo lililoniuma kuliko matusi. Barua ilipofika, alikuwa hajapeleka habari kwa ndugu zake wa Kilimarondo. Angeambiwa Jumamosi inayofuata, angesogeza harusi bila taabu. Lakini aliposoma ngoma imepasuka, akaona ni jambo la kusaidiwa, akawaita watu wote waje siku ileile.

"Sasa wako njiani," akasema. "Nanyi mtakuja."

Jioni ile niliandika barua ya pili, kwa mwenye duka. Safari hii Jenerali hakunisomea la kuandika. Aliketi pembeni akisugua vifungo. Niliandika kwamba tulimkubalia siku iliyokwisha kuwa ya mtu mwingine, kosa ni letu, tunaomba radhi, na tunaweza kumpigia Ijumaa baada ya sala ya alasiri au Jumamosi inayofuata, achague. Tukaipeleka wenyewe dukani.

Mwenye duka akaisoma akiwa amesimama, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa penseli: "Msijisumbue. Nitaazima santuri. Santuri haili pilau."

Tulikwenda Narung'ombe tukapiga mpaka midomo ikavimba. Wali tulipewa, nyama mzee alisema tulikwisha kula. Jenerali hilo alilivumilia. Kilichomkosesha raha miezi mizima ni habari za mjini, kwamba kwenye harusi ya mwenye duka watu walicheza mpaka wakachoka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza beni iko wapi.